Rambirambi kutoka ng'ambo: simu, maandishi, fedha au mwakilishi?

Usiku mmoja wa Januari, nikiwa Minneapolis, nilipokea taarifa kwamba mama mzazi wa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi amefariki dunia mjini Tanga. Kwangu ilikuwa saa nne usiku wa Jumapili, na Tanga ilikuwa tayari saa moja asubuhi ya Jumatatu. Maziko yalipangwa kufanyika baada ya sala ya alasiri, yaani mnamo saa kumi jioni, ambayo kwa saa za huku ni saa moja asubuhi. Kama ningesema nilale kwanza na kesho nitafakari la kufanya, ningeamka marehemu akiwa ameshawekwa kaburini. Agosti ya mwaka huohuo alifariki baba yangu mdogo, safari hii Dar es Salaam, na mwili wake ukasafirishwa kwenda kuzikwa Machame, Kilimanjaro. Tangu kifo hadi mazishi zilipita siku sita, na kila jioni kamati ilikaa, ikapokea michango na kupanga safari.

Katika misiba yote miwili sikuweza kufika. Ninailinganisha hapa kwa sababu namna ya kutoa rambirambi iliyofaa katika msiba wa kwanza haikufaa katika wa pili, na mtu aliye mbali akishindwa kuona tofauti hiyo hujikuta ametuma salamu nzuri kwa mtu asiyestahili kuzipokea wakati huo, au fedha nzuri kwa mfuko uliokwisha kufungwa. Ninachoandika kinahusu zaidi Watanzania walio nje, ingawa Mkenya mwenye msiba Mombasa au Kisumu ataona mengi anayoyafahamu.

Kwanza ujue ni nani ameshaambiwa

Kabla ya kuchagua simu au maandishi kuna jambo moja ambalo halina mbadala. Habari za kifo siku hizi hufika Ulaya na Marekani kabla hazijamfikia bibi aliye kijijini, kwa kuwa anayempa taarifa bibi hutumwa kwa miguu, akae naye, amweleze taratibu, ilhali kwetu taarifa huja kwa simu katika sekunde moja. Baba mdogo alipofariki, mimi nilijua saa tatu kabla ya dada yake mkubwa, ambaye ana shinikizo la damu na ambaye ndugu walitaka aambiwe akiwa ameshakula na kumeza dawa. Mmoja wetu aliye ng'ambo aliweka picha ya marehemu mtandaoni pamoja na maneno ya majonzi, na shangazi yule akaambiwa msiba na mpangaji wake.

Kwa hiyo swali la kwanza, kwa yule aliyekupa habari, liwe hili: "Je, wahusika wote wameshaambiwa, na tanzia imeshatoka?" Mpaka jibu liwe ndiyo, rambirambi zako zikae kwako. Hata kumpigia mtoto wa marehemu moja kwa moja kunahitaji uangalifu, kwa kuwa huenda yupo njiani akielekea hospitali bila kuambiwa ukweli wote. Mpigie kwanza ndugu wa pembeni, mtu ambaye msiba unamgusa lakini haujamwangusha.

Simu, ujumbe wa sauti na maandishi

Wengi wetu tunapokuwa mbali hudhani kwamba simu ni bora kuliko maandishi kwa sababu ina sauti. Katika desturi yetu ni kweli kwamba pole ni neno la mdomo. Unalitamka, unajibiwa "nimeshapoa" au "ahsante, ndiyo kazi ya Mungu", na katika majibizano hayo mafupi mfiwa hupumua. Tatizo la simu ni kwamba inamlazimisha mfiwa apokee wakati uliouchagua wewe. Yule binti wa Tanga, asubuhi ya maziko, alikuwa anahitajika kwenye kila kona ya nyumba: kuna wanaouliza sanda, kuna wanaouliza maji ya kuoshea, kuna wageni wa kuonyeshwa pa kukaa. Simu kutoka Marekani hupokelewa kwa heshima hata kama haifai, kwa kuwa watu humkimbilia mfiwa na kumwambia "ni ya nje, pokea", naye huacha kila kitu. Nilijifunza hivyo siku ile. Nilipiga, akapokea, na nikasikia nyuma yake sauti za wanawake wakimwita.

Maandishi hayamwiti mtu. Yanakaa yakimsubiri, husomwa usiku wageni wakishalala, na husomwa tena baada ya wiki. Ubaya wake ni kwamba simu ya mfiwa siku hizo hujaa mamia ya jumbe zinazofanana, nyingi zikiwa picha ya mshumaa au ua zilizopita mikononi mwa watu kumi, na ujumbe wako ukiwa wa aina hiyo hautaonekana. Kinachoutofautisha ni kumtaja marehemu katika jambo moja ulilolishuhudia. Baada ya kukata simu ile niliandika hivi:

"Dada, nimepokea kwa majonzi taarifa ya kifo cha mama. Sitaweza kufika, ila shangazi yangu atakuja leo kwa niaba yangu. Namkumbuka mama alivyokuwa akitupa maandazi ya moto asubuhi na kutukataza kuyala tukiwa tunatembea. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape subira wewe na ndugu zako. Usihangaike kunijibu."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote katika ujumbe wa namna hii, kwa kuwa mfiwa wa kwetu amelelewa kujibu kila salamu, na kimya chake humsumbua. Sentensi ya pili nayo ina kazi yake, kwani inaeleza kutofika kwangu mara moja na kwa maneno mawili tu. Habari za viza, karatasi za ukaazi, nauli na ruhusa ya mwajiri ni za kweli na zinauma, lakini siku ya msiba zikielezwa kwa kirefu mfiwa ndiye anayegeuka kuwa mfariji, akianza kukuambia "usijali, tunaelewa". Usimfikishe huko.

Ujumbe wa sauti upo katikati, na mimi huuchagua katika hali moja tu: mfiwa anapokuwa mtu mzima asiyeweza kusoma kwa urahisi maandishi madogo ya simu. Hapo sauti ya dakika moja, inayoanza na shikamoo na kuingia moja kwa moja kwenye pole, ni afadhali kuliko barua nzuri ambayo mjukuu ataisoma haraka haraka. Ukizidi dakika moja unakuwa hotuba. Na kama umeshindwa kuzuia kilio, simamisha, urekodi upya, kwa sababu ujumbe huo utasikilizwa sebuleni mbele ya watu.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo mtu aliyekaa nje miaka mingi hulisahau. Kwa mazoea yetu simu huanza na "habari za huko?", na mwenzio kwa mazoea hujibu "nzuri". Kumuuliza mfiwa habari ni kumsukuma aseme nzuri wakati hakuna nzuri, au akae kimya kwa sababu hana la kujibu. Shikamoo inabaki pale pale kwa aliyekuzidi umri, kwa kuwa ni heshima, si swali; baada ya hapo sema pole. Usiulize alikuwa anaumwa nini, wala ni nani alikuwa naye. Atakayetaka kusimulia atasimulia mwenyewe, na wewe utasikiliza.

Upande wa dua, angalia dini ya mfiwa kuliko yako. Mimi ni Mlutheri, na sikuona sababu ya kumwandikia rafiki yangu Mwislamu maneno ya kanisani. "Mwenyezi Mungu amrehemu" ni dua ambayo kila mfiwa Mwislamu ataiitikia kwa amina, na neno lenyewe marehemu limetokana na rehema hiyohiyo. Kwa familia ya baba mdogo niliandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe", maneno ya Ayubu ambayo wazee wa kwetu huyatarajia, na wangeshangaa kama yangekosekana. Herufi za R.I.P. sizipendi kwa yeyote. Ni vifupisho, na msibani mtu hafupishi.

Nikilazimika kuchagua kwa ajili ya msomaji aliye na usiku mmoja tu, nitasema aandike kwanza, kisha apige simu jioni ya siku ya pili au ya tatu. Mimi nilifanya kinyume. Kwa msiba wa siku sita mambo hubadilika: kwa mjane wa baba mdogo nilipiga simu siku ya pili, mnamo saa tano asubuhi kwa saa za huku, ambapo Dar es Salaam ni saa moja jioni na kamati ndiyo inakaa nje. Ni wakati ambapo wanawake ndani wametulia kidogo. Tulizungumza dakika nne.

Mwakilishi na matangazo ya moja kwa moja

Kati ya yote ninayoyalinganisha hapa, hakuna kinachokaribia uzito wa mtu wa kwako kufika msibani na kusema, "Nimetumwa na fulani." Fedha yangu ingeweza kutumwa na mtu yeyote, lakini mwili wa shangazi yangu uliokaa kwenye mkeka ule Ngamiani, tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, ulihesabiwa kuwa ni wangu. Rafiki yangu alipohesabu baadaye waliokuja, alinihesabu pamoja nao, na hakufanya hivyo kwa adabu tu.

Kumchagua mwakilishi kunahitaji kujua msiba wenyewe unakwendaje. Katika misiba ya Kiislamu ya pwani wanawake hukaa ndani na wanaume hukaa nje, na wanaobeba jeneza kwenda makaburini ni wanaume. Nikimtuma shangazi peke yake, atamshika rafiki yangu mkono lakini hatafika kaburini. Nikimtuma mume wake peke yake, atatupa udongo kaburini lakini hatamwona rafiki yangu. Nilimpigia shangazi saa nne na nusu usiku kwa saa za huku, nikamwomba waende wote wawili, naye akajifunga kanga na kuondoka Chumbageni kabla ya saa tatu asubuhi yao. Yeye alikaa ndani. Mumewe alisali nje kwa namna yake, akafuata jeneza, na alipopita barazani kwa mwenye daftari alitoa ubani wa shilingi 50,000 na kutaja jina langu, siyo lake, jambo ambalo nilimsisitizia.

Msiba wa Machame ulikuwa na nafasi ya kitu kingine ambacho maziko ya Tanga hayakuwa nacho, nacho ni salamu za rambirambi zinazosomwa katika ratiba. Ukitaka zako zisomwe, zimfikie msemaji wa familia jioni ya kuamkia mazishi, zikiwa zimeandikwa kikamilifu na zisizidi maneno 60 hivi, kwa sababu msomaji ana karatasi nyingi mkononi na jua linawaka. Zianze na wewe ni nani kwa marehemu. Watu waliokaa kwenye viti vya turubai hawajui jina lako, ila wanajua maana ya mtoto wa kaka yake.

Kuhusu kutazama mazishi kwa njia ya mtandao, nilitazama ya baba mdogo, na nashukuru. Lakini kutazama ni kwa faida ya aliye mbali, na mfiwa haoni chochote. Watu wawili wa ukoo waliotazama pamoja nami waliamini kwamba wameshahudhuria, wakaacha kumpigia mjane. Yeye hakujua kwamba walikuwapo. Kama umetazama, mwambie baadaye: "Nilikuwa nawe tangu ibada hadi shada la mwisho." Na usipige picha ya kioo cha simu yako jeneza likiwa wazi.

Fedha: mkononi mwa mfiwa au kwa mweka hazina

Hapa ndipo misiba hii miwili ilipoachana kabisa. Katika maziko ya siku moja hakuna kamati inayosubiri mchango. Sanda na gharama za kaburi si kubwa, majirani huleta chakula, na ubani unaotolewa barazani huandikwa na kukabidhiwa familia. Fedha inayotumwa asubuhi hiyo kwa simu ya mfiwa humkuta hana muda wa kwenda kwa wakala, tena huenda simu yenyewe ameshika mtoto wa jirani. Ndiyo maana niliipitisha kwa mwakilishi, taslimu, kisha nikamrudishia yeye.

Katika msiba unaosafirisha mwili kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, kamati ndiyo moyo wa shughuli. Inalipa sanduku, gari la mwili, mabasi ya waombolezaji, turubai, viti na chakula cha siku kadhaa, na inahitaji kujua mapema ina shilingi ngapi. Mchango wa siku ya pili una thamani kuliko mchango mkubwa zaidi wa siku ya tano, kwa kuwa idadi ya mabasi huamuliwa mapema. Uutume kwa namba iliyotangazwa na familia, na uithibitishe namba hiyo kwa kumpigia ndugu unayemjua sauti, maana matapeli huokota tanzia kwenye makundi ya WhatsApp na kuzisambaza tena zikiwa na namba zao.

Kosa langu katika msiba huu lilikuwa dogo lakini liliniuma. Nilituma shilingi 300,000 kupitia kampuni moja ya kuhamisha fedha, na zilifika kwenye simu ya mweka hazina katika muda mfupi. Ujumbe alioupokea ulionyesha jina la kampuni, na jina langu halikuwamo. Jioni ile orodha ya michango iliposomwa, fedha zangu zilisomwa kama za "msamaria mwema", na mjane akakaa siku nzima akijiuliza kwa nini mtoto wa shemeji yake aliye Marekani hajatoa kitu. Tangu hapo nikituma fedha ya msiba, dakika hiyohiyo naandika kwa mweka hazina kiasi, saa iliyotumwa, jina lililomo kwenye muamala, na jina ninalotaka lisomwe. Halafu nasubiri aandike "nimeiona".

Kama unatuma kwa mfiwa mwenyewe, weka na ya kutolea. Shilingi 100,000 zikifika kamili, atakapokwenda kwa wakala makato yatazila, na zawadi yako itakuwa na kasoro ambayo hukuikusudia. Usimwandikie fedha na rambirambi katika ujumbe mmoja. Pole inayofuatwa na namba ya muamala husomeka kama risiti. Mimi hutanguliza pole, na fedha huja na sentensi yake fupi, mara nyingi siku nyingine: "Mama mdogo, nimekutumia kidogo cha kuwasaidia kwenye sukari ya wageni."

Kamati ikishafunga hesabu, jambo ambalo hufanyika siku moja au mbili baada ya mazishi, usitume tena kwa mweka hazina, kwa kuwa itamlazimu afungue daftari au akae na fedha asiyojua aifanyeje. Kuanzia hapo ni mfiwa mwenyewe. Na kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kutoa mara moja tu, na ambaye si ndugu wa karibu anayetarajiwa na kamati, afikirie kuitunza fedha hiyo hadi wakati huu. Kabla ya mazishi mifuko mingi inaingiza. Wiki mbili baadaye mjane amebaki na deni la duka na ada ya muhula, na simu haiingizi kitu.

Matanga yakishaanuliwa

Wengi tunakoma siku ya mazishi. Tumepiga, tumetuma, jina limesomwa. Lakini aliye mbali ana nafasi ambayo waliokuwapo hawana, kwa kuwa wao wameshamaliza wajibu wao na kurudi makwao, ilhali wewe deni lako la kufika bado lipo na kila mtu analijua.

Msiba wa Tanga ulinifundisha kwamba hata dini inalitambua deni hilo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, hufundisha kwamba taazia ni ya siku tatu, na baada ya hapo ni karaha kuirudia kwa sababu inaamsha huzuni iliyoanza kutulia; lakini humtoa katika hukumu hiyo mtu ambaye hakuwapo. Kwa hiyo aliyekuwa safarini akija kutoa pole baada ya miezi, hana kosa. Jirani anayerudia pole kila wiki ndiye anayechosha.

Siku za kuandika kwenye kalenda zinatofautiana. Kwa familia ya Kiislamu uliza kwanza kama wanafanya arobaini, maana wapo wanaoisomea hitima na kulisha watu, na wapo wanaoiona haina msingi katika dini na hawaifanyi kabisa. Kuwatumia hawa wa pili "mchango wa arobaini" ni kuwaingiza katika mjadala wasioutaka. Wakiifanya, fedha ifike wiki moja kabla, kwa sababu mchele na ng'ombe havinunuliwi siku hiyohiyo. Kama marehemu ni mume, ipo eda ya mjane, miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, takriban siku 128. Katika muda huo hajipambi wala hajitii manukato, hivyo zawadi ya marashi au nguo za kung'aa kutoka ng'ambo isubiri. Mwanamume asiye maharimu wake apeleke salamu kwa kupitia mtoto wa kiume au dada wa mjane; ni njia nyepesi na yenye heshima. Siku anayotoka eda ni siku nzuri sana ya kupiga simu, na wachache huikumbuka.

Kwa familia ya baba mdogo, kilichokuwa na maana ni jambo tofauti: kujengea kaburi, na ada ya mtoto wa mwisho mwezi Januari. Nilimpigia mama mdogo siku ya kumi, kisha siku ya arobaini. Siku ya kumi nilisema tu kwamba nimempigia kumsikia. Alizungumza dakika hamsini, mengi yakiwa juu ya usiku wa mwisho hospitalini, ambayo siku ya pili hakuyagusa. Sikumuuliza. Yalikuja yenyewe kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu. Kati ya simu na maandishi, katika kipindi hiki simu inashinda bila ubishi: hapa ndipo sauti inapohitajika, na muda anao.

Usiahidi kitu siku za mwanzo. "Nitakuja Krismasi" na "nitamsomesha mtoto" ni maneno yanayotoka na machozi, na mfiwa huyaweka moyoni kama mkataba. Mimi niliyanyamazia yote mawili hadi nilipokuwa na tiketi mkononi.

Nilifika Desemba. Kanuni niliyopewa na shangazi ilikuwa moja: kuhani msiba kwanza, kabla ya harusi, kabla ya ufukweni, kabla ya kufungua masanduku ya zawadi. Kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro nilikwenda Machame siku ya pili, bila rafiki wa kunisindikiza kwa kelele, nikiwa nimevaa gauni refu na kanga begani. Nilisimama kaburini, katikati ya migomba, palipooteshwa masale pande mbili, mama mdogo akiwa pembeni yangu. Hatukusema kitu kwa muda mrefu. Chakula kililetwa, na nikala, kwa kuwa kukataa chakula cha nyumba ya msiba ni kuikataa nyumba.

Tanga nilifika wiki hiyohiyo, miezi kumi na moja baada ya maziko. Nilikuwa na sukari kilo tano, mchele na majani ya chai, na niliviacha jikoni kwa binti wa nyumba badala ya kuingia navyo sebuleni. Rafiki yangu alinyoosha mkono, nikaupokea kwa miwili yangu na kusema, "Pole kwa msiba, dada," kana kwamba ulikuwa wa jana. Akajibu, "Nimeshapoa," na sauti ikakatika, tukalia wote wawili. Kisha akanionyesha pale kwenye mkeka ambapo shangazi yangu alikaa siku ile, karibu na dirisha, na akaniambia kwamba alikataa kunyanyuka hata alipoletewa kiti. Wakati wa kuaga nilimkabidhi kaka yake mkubwa bahasha ndogo, nikasema, "Hii ya sukari," naye akaipokea bila kuitazama, akaniombea dua ya safari.